Desemba Kodi Itarudi

Mama yangu alipona mu mwezi ya kumi, mais hakutoka lopitali. Mutu mwenye hajaishi kwetu hataelewa ile sentensi, donc nitaieleza mara moja. Pikipiki ilimugonga ku barabara, Beni, mufupa ya paja ikavunjika. Bakamupasua, bakatia chuma, mufupa ikashika. Dokta akamuambia: "Mama, sasa unaweza kwenda." Kisha bakamuhamisha ku chumba ya nyuma, karibu na fasi ya kufulia, kwenye banalala bale benye bamepona na habajalipa. Mulango ya ile chumba haina kufuli. Haina lazima. Sentineli wa ku geti anajua sura zao zote.

Mimi nilikuwa Butembo, Bulengera, na batoto. Kila pumziko yenye nilipata nilipanda gari ya Beni na sahani ya bugali na majani ya lenge-lenge ndani ya kitambaa, na kila mara nilimukuta mama na fagio mukononi. Alikuwa anafagia korido na mukongojo chini ya kwapa.

"Nani alikutuma kufagia?"

"Hakuna mutu alinituma. Nikikaa bure banachoka kuniona."

Nilienda ku kaisse, fasi ya kulipia, na hasira ile. Mwanamuke wa kaisse alikuwa mutu wa adabu, hata aliniita mama fulani kwa jina ya mutoto wangu wa kwanza. Akaniambia fakture, ile karatasi ya deni, haikusimama siku mama alipona. Kitanda iko na bei yake kila siku, hata ile godoro ya chumba ya nyuma.

"Donc munamufunga, na munamulipisha kifungo?"

"Mama, mimi ninaandika tu. Utaleta lini?"

Nikasema Desemba. Nilisema bila kusita kwa sababu kuko mutu aliniahidia Desemba, na ule mutu alikuwa na tai shingoni na kalkileta ya kuhesabia.

Nilikuwa ninafanya kazi ya animatrice mu shirika moja ya maji na usafi. Tulikuwa tunafundisha benye bamekimbia vita namna ya kuchimba vyoo na kunawa mikono, batu benye bamelala ku shule na ku makanisa. Niko na diplome ya sekondari, basi, sikuendelea, baba wa batoto alikwenda Kampala kutafuta na akatafuta mpaka leo. Mushahara ya pale ilikuwa nzuri kuliko yote yenye nimewahi kupata. Nilikuwa ninaona ku fishi, ile karatasi ya mushahara, kila mwezi, fasi imeandikwa kodi, na sikuwa ninailalamikia sana. Kila mutu ya kazi ya karatasi anakatwa. Bosi anakata, anapeleka biro ya kodi, imeisha.

Kisha vita ikakata njia ya pesa. Banki zikafunga, kule pesa inatoka ikakwama, na tukakaa mwezi ya sita bila mushahara, na ya saba vilevile. Tulikopa maharagi, tulikopa sabuni, tulienda kufundisha batu kunawa mikono na sabuni yenye sisi wenyewe hatuna. Mwezi ya nane ikaja yote pamoja, miezi mitatu siku moja. Biro yetu ya Vulamba ilikuwa kama harusi. Shofere wetu, mzee mwenye mdomo mingi, alikuwa anacheza ku veranda na kofia yake.

Mimi niliangalia fishi yangu, furaha ikakauka. Ku fasi ya kodi hawakukata mara tatu ya ile ya kila mwezi. Bamekata zaidi, zaidi sana.

Nikaingia kwa kontable, mutu wa hesabu, ule wa tai, bila kupiga hodi.

"Umeniiba."

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai. Kodi ya miezi mitatu ni kodi ya mwezi moja mara tatu. Hata mutoto wangu wa primaire anajua hesabu hii."

Hakukasirika. Alikuwa kijana wa kwetu tu, mwenye anaongea polepole kama anahesabu maneno ku mushahara yake. Akageuza fishi, akachora ku mugongo ngazi.

"Kodi iko na ngazi," akasema. "Ya chini kabisa, banakata tatu kwa mia. Unapanda, kumi na tano kwa mia. Unapanda tena, makumi tatu kwa mia. Sheria imepima hizi ngazi kwa mwaka muzima. Sisi kila mwezi tunakata kipande moja ya kumi na mbili ya kila ngazi. Ukipata mushahara sawasawa kila mwezi, hesabu inaenda vizuri, hautafika kamwe ku makumi tatu. Mais umekula sahani tatu siku moja. Mashini imekuona kama mutu mwenye anakula sahani tatu kila mwezi."

"Na ile miezi mbili nililala njaa?"

"Ngazi zake za chini zilipita bure. Hakuna mushahara iliingia ndani."

"Donc nimelipa kodi ya tajiri kwa sababu nililipwa kwa kuchelewa."

"Kwa sasa, ndiyo. Mais mwisho wa mwaka tunafanya regularisation. Tunajumlisha mishahara yote ya mwaka, tunatoa makato ya uzee, tunapitisha ku ngazi za mwaka muzima mara moja. Kisha tunaangalia tulikata ngapi. Kama tulikata mingi, inarudi kwako. Kama tulikata kidogo, tunakata yenye kubaki. Wewe, inarudi. Desemba."

Nilibeba ile neno kama mutu anabeba kuku ya kununua, miguu imefungwa vizuri. Mama alipogongwa, ile pesa ya miezi mitatu ilikuwa imekwisha kuingia ku madeni, ku maharagi ya watu, ku frais ya shule. Hakukubaki kitu. Kulibaki Desemba. Nilifanya hesabu: mushahara ya Desemba na ile kodi ya kurudi, pamoja inatosha kumutoa mama, na nauli ya kumuleta nyumbani mu taksi, akae mbele, mguu umenyooshwa.

Nikamuambia mama. Mama, ule batoto banamuita koko, hakusoma mingi, alilima Kasugho maisha yake yote mpaka tulimuleta Butembo, akaniuliza: "Hao batu ba kodi banarudishaka?"

"Sheria inasema."

Akachukua fagio.

Desemba ikafika. Tangu mwezi ya kumi na moja tulikuwa tunajua proje inakwisha na mwaka, lakini kontrati ya kwisha ilikuwa kitu ya kawaida kwetu, unalia kidogo, unatafuta ingine. Kontable alituita moja moja. Shofere aliingia mbele yangu. Kwanza tulisikia akicheka, kisha tukasikia kiti inaanguka.

"Prime yangu? Munakata prime yangu?"

Shofere alikuwa anapewa prime ya terrain, pesa ya juu ya safari za kazi, kila mwezi, mukono kwa mukono, kutoka ku kaisse kidogo. Haikuwa inapita ku fishi. Sasa biro kubwa ya shirika ilisema ile prime yenye kuja kila mwezi ni mushahara kama mishahara ingine, ingepaswa kukatwa kodi kila mwezi, na haikukatwa. Donc ku hesabu ya mwaka bameiingiza yote, na kodi yake yote inatoka siku moja, ku mushahara ya Noeli. Hata ile yenye alikuwa anadai juu ya miezi mitatu, prime imeimeza na kupita.

Akatoka jasho inamutiririka. Akaniona.

"Ingia, mama batoto-mingi. Ingia bakunyonyoe na wewe. Mimi nimebaki shingo tu."

"Mimi yangu inarudi, papa."

"Inarudi!" Akacheka kicheko mbaya. "Basi uniachie ya bia."

Ndani, kontable alikuwa amepanga karatasi zangu. Hakuniangalia usoni, na pale njo nilijua.

"Mama, ku dosiye yako uliandika batoto batano na mama yako."

"Ndiyo."

"Kila mutu mwenye unamulisha ndani ya nyumba anapunguza kodi yako mbili kwa mia. Tulikupunguzia kila mwezi kwa batu sita. Sasa nimetafuta karatasi. Mama yako, sawa, yuko. Batoto babili, niko na akti zao za kuzaliwa, na wewe njo mama yao. Hawa batatu, hakuna akti yenye inasema wewe njo uliwazaa."

Nitasema hawa batatu ni nani. Ni batoto ba dada yangu mukubwa. Dada na bwana yake bakauawa mu shamba lao, Kasugho, siku ya kuvuna. Nani aliwaua, kila mutu kwetu anajua wale benye kuua mu shamba ni nani, siandike. Batoto bakakimbia na majirani, bakafika kwangu na nguo za ku mwili. Kwetu dada akikufa, batoto bake ni bako. Haiko huruma, haiko sadaka, ni hivyo tu. Hakuna mutu mu nyumba yetu anasema "mutoto wa dada". Ukisema hivyo mbele yao, umewaua wazazi wao mara ya pili. Siku ya kuajiriwa baliniuliza: uko na batoto wangapi? Nikajibu: batano. Nilijibu kama mutu wa kwetu anajibu, na yule mwenye aliniuliza alikuwa wa kwetu, akaandika batano bila kuinua kichwa.

"Ni batoto bangu," nikamuambia kontable.

"Ninajua. Mimi mwenyewe niko na babili ba ndugu yangu. Mais kwa kodi, inahitaji karatasi ya tribunali, ile korti ya batoto, yenye inasema wewe njo mulezi."

"Nitaleta karatasi ya shefu wa kartier, wa mutaa yetu. Anabajua. Anabaona kila siku na ndoo ku kisima."

"Hii inaonyesha banalala kwako. Haionyeshi ni bako. Biro ya kodi ikikuja kuchunguza, itanikatalia, na shirika italipa na amende, faini, juu."

"Na kwa tribunali banaomba nini?"

Akapanga karatasi tena. "Akti ya kufa ya wazazi."

Nilicheka. Hata sasa sijui kicheko ile ilitoka wapi. Dada yangu alizikwa haraka, na batu benye balikuwa na haraka ya kukimbia. Nani aliandika majina ya benye bamekufa? Biro ya grupema, ya shefu wa vijiji, yenyewe ilikimbia mbele ya batu. Mu kijiji chote hakukubaki mutu wa kupiga tampon, muhuri, ku karatasi.

"Donc dada yangu hajakufa," nikasema.

"Mama..."

"Hapana, niambie vizuri nielewe. Kwa kodi, dada yangu iko hai, na iko analisha batoto bake kule porini, na mimi ninadanganya."

Akageuza karatasi. Alinionyesha hesabu. Kupunguzwa kwa hawa batatu kumetolewa, mwezi kwa mwezi, tangu Januari, na imekula sehemu kubwa ya ile kodi yangu ya kurudi. Mais haikuikula yote. Kulibaki. Nilishika ile yenye kulibaki kwa macho.

"Hii, nipe. Mama yangu amefungwa lopitali."

Hapo akavua miwani.

"Sikiliza vizuri, nisikudanganye. Kodi yenye nilikata mwezi ya nane haiko huku. Kila mwezi ninaipeleka biro ya kodi mbele ya tarehe kumi na tano ya mwezi yenye kufuata. Siwezi kwenda kuingiza mukono kule. Fasi yenye ninaweza kutoa ni kodi ya Desemba, ya wote, kwa sababu haijaenda. Badala ya kuipeleka yote, ninarudishia benye tulikata mingi, kisha ku deklarasyo yenye ninapeleka biro ya kodi ninaeleza."

"Basi rudisha."

"Wote mulilipwa miezi mitatu siku moja. Wote munadai. Kodi ya Desemba ya biro nzima, hata nikitia ile nimemukata shofere, haifike ku nusu ya yenye munadai. Nimegawa kila mutu kipande."

Nilielewa, na kuelewa kulinichoma kuliko kutokuelewa. Pesa ya shofere, ile yenye ilimuangusha kiti, ilikuwa imepita mukononi mwa kontable na kuingia ku bahasha yangu.

"Na yenye kubaki?"

"Inabaki kule kama deni ya biro ya kodi kwa shirika. Kila mwaka tunaimaliza Januari, tunapunguza ku kodi ya Januari, Februari, mpaka inakwisha."

"Januari proje haiko."

"Januari proje haiko," akasema na yeye, kama mutu anajibu misa. "Shirika itaomba. Jina ni ya shirika, haiko ya wewe. Itaomba kwa barua, na itangoja. Nikisikia kitu nitakupigia."

"Ungekata tangu mwanzo vizuri."

"Nilikata vile mashini inakata."

"Mashini haina mama," nikamuambia, nikasaini, kwa sababu bila kusaini hata kile kipande hutapata.

Ku geti shofere alikuwa amekaa ku jiwe. Nikamunyooshea noti moja.

"Ya bia, papa. Ni yako, ukweli kabisa."

Aliiangalia, akairudisha ku mukono yangu na kunifunga vidole juu yake. "Peleka kwa mama yako. Wasingya, aksanti." Hakucheka tena.

Kesho yake nikaenda Beni. Barabara ilikuwa na barieri mingi za masoda, maaskari benye bunduki, na ku kila barieri unaonyesha karte yako ya kupiga kura, kwa sababu kwetu njo kitambulisho. Bila karte unashuka, unakaa pembeni na masoda, unajieleza mpaka ulimi inakauka. Nilionyesha, nikapita, nilionyesha, nikapita.

Ku kaisse nikatia mushahara na kile kipande ku meza. Mwanamuke wa kaisse akahesabu, akahesabu tena, akaangalia fakture.

"Inapunguka, mama."

"Ninajua. Ingine iko biro ya kodi."

"Unadaiwa kodi?"

"Hapana. Banadaiwa na mimi."

Akaniangalia kama mutu mwenye homa. Nyuma yangu baba moja akasema kwa nguvu: "Serikali inadaiwa na mwanamuke! Tangu lini?" Mustari yote ikacheka. Nikageuka kumutukana, nikaona ameshika fakture ndefu kuliko yangu, nikafunga kinywa.

Muzee wa administrasyo aliitwa. Aliuliza kama niko na kitu ya kuacha. Telefone yangu ilikuwa na kioo ya kuvunjika, aliigeuza geuza, akairudisha. Kisha akasema: karte. Utaacha karte ya kupiga kura, mama yako atatoka leo, ukimaliza kulipa utaichukua. Hakusema kwa ubaya. Akafungua kiruba ya meza yake, nikaona karte mingi, zimefungwa na mpira, sura za batu zimelaliana.

Mama alikuwa amevaa kitenge yake safi tangu asubui. Alijuaje, sijui. Aliaga chumba ya nyuma yote, moja moja, na fagio akamuachia mwanamuke mwenye alikuwa na jeraha ya upasuaji ya kuzaa. Sentineli akamusalimia na kofia.

Kurudi, nilikuwa nimebakisha nauli tu, na ku barieri zingine dereva wa taksi alilipa kidogo tukapita. Kwenye zingine, kila masoda alipouliza karte yangu, mama alitoa yake na kunyoosha mguu, aonyeshe fasi bametia chuma, na kulalamika kwa Kinande mpaka banachoka.

Ku njia akaniuliza: "Kodi ilirudi?"

"Ilirudi nusu ya nusu."

"Na ingine?"

"Banasema iko. Iko tu haiko ya mimi."

Tukaona nyumba za kwanza za Butembo. "Mimi nilifikiri banakulaka yote," akasema. "Kumbe banabakishaka."

Januari kontable alinipigia, alitimiza neno lake, sitamunyima hiyo. Barua ilienda. Jibu hakuna. Alikuwa anatafuta kazi na yeye. Alinipa shauri: nipate karatasi ya tribunali ya batoto batatu, kwa sababu nikipata kazi ingine batabaandika tena, na kila mwisho wa mwaka itakuwa hadisi ile ile, banakupunguzia mwaka muzima na mu Desemba banarudia kukukata.

Nikaenda. Nilibavalisha batatu vizuri, nilibapakaa mafuta, nilileta majirani babili ba Kasugho benye balimuzika dada na bakaona kwa macho yao, kwa sababu baliniambia tribunali inaweza kusikiliza bashahidi kama akti haiko. Tulingoja ku benchi mpaka karani akatuita. Alikuwa na sauti ya upole. Akasikiliza mwanzo wa maneno ya majirani, akaandika, akasema dosiye inaweza kufunguliwa, akageuka kwangu.

"Mama mulezi, karte yako."

Nikamuambia iko lopitali, Beni.

"Karte ni mugonjwa?"

Mudogo wa batatu, ule mwenye hajafika hata primaire, akajibu mbele yangu, kwa sauti ya nguvu, akifurahia kujua kitu: "Hapana, imefungwa. Imefungwa pahali ya koko, koko akatoka."

Karani akafunga dosiye, akaweka kalamu juu yake, akaita mutu mwenye kufuata.